Kutoka koti la baridi hadi gauni la pamba: maswali tunayoulizwa kuhusu kubadilisha mavazi kwenye picha

Kazi hii hutujia sana kutoka kwa watu wenye ndugu Ulaya na Marekani. Picha nzuri kuliko zote imepigwa Januari, mtu amejifunika mpaka kidevuni, na familia inataka aonekane kama alivyokuwa nyumbani: gauni jepesi, mikono wazi, mwanga wa joto. Majibu haya yanafuata kazi moja niliyoifanya mwenyewe hapa studio Dar es Salaam. Kijana mmoja aliniletea picha ya marehemu mama yake, iliyopigwa London siku ya theluji. Koti la bluu nzito, skafu nyekundu, na tabasamu ambalo hakuna picha nyingine iliyolinasa.

Si unafuta koti tu halafu unabandika gauni?

Ukifuta koti, chini yake hakuna kitu. Kamera haikuona shingo, wala mabega, wala mikono. Kwa hiyo kinachofanyika ni kinyume cha watu wanavyodhani: hatumvui mtu koti, tunachukua kichwa chake na kukipeleka kwenye mwili mwingine ambao tayari umevaa nguo nyepesi. Nguo ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye shingo, ngozi na mwanga.

Huo mwili mwingine unatoka wapi?

Bora utoke kwa mtu huyo huyo. Tafuta kwenye albamu picha yake yoyote ya nyumbani, hata kama amefumba macho, hata kama uso umetikisika. Mama huyu alikuwa na picha moja amekaa barazani mchana, gauni la pamba lenye maua madogo, khanga begani, uso umegeuka kumwangalia mjukuu. Kama picha ya mtu haikufaa kitu, lakini kwangu ilikuwa dhahabu, maana mikono ilikuwa yake, mabega yake, na rangi ya ngozi yake halisi ikiwa kwenye mwanga wa huku.

Mwili wa kuazima kutoka kwa mtu mwingine unawezekana, ila familia huukataa bila hata kujua kwa nini. Watoto wanaijua mikono ya mama yao.

Nitume vipi?

WhatsApp, lakini kama Document, si kama picha ya kawaida. Ukituma kawaida inabanwa, na kinachopotea kwanza ni vijinyweleo vya ukingo wa nywele na vitundu vya ngozi, yaani vile vile ninavyovihitaji. Kama ni picha ya karatasi, usiipige kwa simu chini ya taa ya dari. Iskaniwe, au ipige nje kivulini ikiwa imelala bapa.

Kitu kingine: selfi haifanyi kazi vizuri. Simu ikiwa karibu na uso, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ukiweka uso huo kwenye mwili uliopigwa kutoka hatua nne, hakuna rangi itakayouficha mvutano huo.

Nimejaribu mwenyewe, rangi inalingana kabisa, lakini kichwa bado kinaonekana kimebandikwa. Kwa nini?

Kwa sababu umelinganisha rangi kabla ya mwanga. Hili ndilo kosa la karibu kila anayeanza, nami nililifanya miaka mingi. Uliza kwanza: kwenye picha ya koti, mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali au laini?

Chukua jua. London iko kaskazini sana, kiasi kwamba mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huinuka kama nyuzi 15 tu juu ya upeo. Linampiga mtu usoni karibu mbele kwa mbele. Mashimo ya macho yanajaa mwanga, chini ya pua hakuna kivuli cha maana. Dar es Salaam wakati huo huo jua la adhuhuri liko nyuzi zaidi ya 70, karibu utosini: nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, kidevu kinaifanya shingo iwe giza. Ukiweka uso wa kwanza juu ya mwili wa pili, jicho la mtazamaji linaona majua mawili. Hatalisema hivyo, atasema tu "kuna kitu". Kama picha yako ya baridi ina jua kweli, basi utafutie mwili uliopigwa huku jioni, kama saa kumi na moja na robo hadi na nusu, jua linapokuwa limeshuka kwenye pembe ile ile.

Siku ya theluji yenye mawingu ni jambo jingine. Hapo hakuna jua, mbingu nzima ndiyo taa. Halafu theluji chini nayo inakuwa taa ya pili: theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, wakati nyasi hurudisha kama robo tu. Ndiyo maana kwenye picha ile ya mama, chini ya kidevu kulikuwa kweupe, hata ndani ya pua kulikuwa na mwanga. Angalia pia machoni: kule utaona mng'ao mpana, mweupe, uliofunika nusu ya mboni. Jua la mchana huacha kinukta kidogo kikali.

Mwanga laini haugeuki kuwa mkali. Unaweza kuchora vivuli kutwa nzima, mtu ataonekana amepakwa masizi. Kwa hiyo uso ndio unaoamua, na mwili unafuata. Uso wa mawingu nautafutia mwili wa kivulini: chini ya mwembe, barazani, karibu na dirisha. Wateja wengi wanataka ufukwe na jua kali kwa sababu ndiyo "joto" wanaloliwaza. Nakataa, kisha nawaonyesha baraza, wanaelewa.

Mwanga ukitoka upande mwingine je? Si ninageuza picha?

Geuza mwili, usiguse uso. Uso wa mtu hauko sawa pande zote, na ukiugeuza, mkewe au mwanawe atamwona mgeni. Kwenye kazi hii uso ulikuwa na mwanga kidogo zaidi kushoto, baraza ikawa na mwanga kulia, nikageuza mwili. Nikasahau khanga. Jina la khanga likawa linasomeka kinyume, na aliyeligundua ni shangazi mtu, aliyeliona hata kabla ya kuona uso. Ikabidi nikate kile kipande cha khanga, nikigeuze tena peke yake na kukirudisha begani. Angalia pia vifungo na saa ya mkononi.

Shingo inapatikanaje kama skafu imeifunika yote?

Inatoka kwenye picha ya mwili, na mshono unapita chini ya taya, si katikati ya shingo. Pale chini ya taya kuna kivuli cha asili, na kivuli kinasamehe. Wanaokata katikati ya shingo hujipa kazi ya kulinganisha ngozi mbili mahali penye mwanga, ambapo kila mtu anatazama.

Ila skafu ilikuwa imeacha kitu. Kitambaa chekundu karibu na ngozi hutupa wekundu juu, na taya lote la mama lilikuwa na rangi kama ya bitiruti. Koti likishaondoka, wekundu huo hauna mwenyewe. Naufuta hivi: kwenye Photoshop natengeneza leya mpya, yaani tabaka, juu ya uso, namna yake ya kuchanganyika na la chini naiweka Color, nachovya rangi kutoka shavuni ambako skafu haikufika, napaka tayani kwa burashi laini lenye nguvu ndogo, asilimia 15 au 20, nikirudia polepole. Color inabadilisha rangi bila kugusa mwanga na giza, hivyo mikunjo na vitundu vya ngozi vinabaki.

Kisha narudisha kile ambacho theluji ilikifuta, yaani kivuli cha chini ya kidevu. Leya nyingine, hii kwenye Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, na rangi usitumie nyeusi. Chovya sehemu yenye giza zaidi ya shingo yake mwenyewe; itakuwa kahawia yenye wekundu. Napaka kutoka kwenye mshono kushuka, nzito juu, ikififia kabla ya kufika ukosi wa gauni. Asilimia 25 hadi 30 ilitosha kwa sababu saruji ya baraza nayo ilikuwa inarudisha mwanga kidogo. Mwisho, uzi mwembamba wa kivuli pale ukosi unapogusa ngozi. Bila huo, gauni linaelea.

Rangi ya ngozi unailinganishaje? Mimi uso unatoka wa kijivu na mikono ya dhahabu.

Ukijivu huo ni baridi yenyewe. Mwanga wa mawingu una bluu zaidi kuliko wa jua, na ngozi nyeusi huuonyesha kwa namna yake: ngozi ya aina hii hutawanya mwanga kidogo, hivyo mng'ao wake hujitokeza zaidi, na kwenye paji la uso na mashavuni unaona kioo cha mbingu. Ongeza kwamba kwenye baridi ngozi hupauka. Uso ule ule uliokuwa unang'aa kwa mafuta Dar, London umekuwa na vumbi la bluu.

Naanza na giza na mwanga, rangi baadaye. Juu ya leya zote naweka Black & White, picha nzima inakuwa haina rangi, na nalinganisha uso na mikono kwa Curves, ule mstari wa kuinua na kushusha mwanga au rangi, iliyofungwa kwenye leya ya kichwa peke yake (kwenye Photoshop ni Ctrl+Alt+G). Zikilingana bila rangi, naizima Black & White na kuanza rangi.

Hapo nafungua Info na kusoma namba za rangi: R ni nyekundu, G kijani, B bluu. Kwenye kazi hii paji la uso lilikuwa na R 118, G 92, B 84. Mkono, sehemu ya nje karibu na kiwiko, ulikuwa na R 142, G 100, B 72. Ngozi ya binadamu, iwe ya nani, huwa na nyekundu nyingi kuliko kijani, na kijani nyingi kuliko bluu. Kinachotofautiana ni nafasi kati ya namba hizo. Uso ulikuwa umefuata mpangilio, ila bluu imekaribia sana kijani, na nyekundu imelala. Nikaingia Curves ya Red nikainua katikati, ya Blue nikashusha katikati, Green nikaigusa kidogo. Uso ukatua kwenye 137, 99, 75. Sikuufikisha sawasawa na mkono kwa makusudi, maana paji la uso la watu wengi huwa jeusi kidogo kuliko mkono, na picha zake nyingine zilionyesha hivyo.

Usipime upande wa ndani wa mkono, ule ni mweupe daima. Usipime mahali panapong'aa, pale unapima mbingu.

Mara ya kwanza nilipomaliza, nilimtumia kijana. Akajibu, "Fundi, ngozi ni yake, lakini macho kama mgonjwa wa manjano." Alikuwa sahihi. Nilipoupasha uso joto, niliyapasha na macho na meno. Nikarudi kwenye maski ya Curves, inayoamua badiliko liguse wapi na kwa kiasi gani, nikapaka kijivu juu ya weupe wa macho na meno ili wapate kama nusu ya badiliko. Nusu, si sifuri: ukiyaacha na weupe wa theluji yanakuwa kama ya sanamu ya dukani.

Kilichobaki ni ule mng'ao mpana wa bluu kwenye paji. Niliupunguza kwa kuchovya ngozi ya jirani na kupaka kwenye Darken, kisha nikaweka mng'ao mwembamba zaidi, wa rangi ya maziwa yenye chai, upande uliofunguka wa baraza. Midomo iliyokauka nikaiacha ilivyo, nikapunguza tu ule ukungu mweupe.

Mnaweza kumng'arisha kidogo pia?

Hapana. Kuondoa bluu ya London ni kumrudishia rangi yake. Kumpandisha zaidi ya hapo ni mkorogo wa kompyuta. Na hata kwa jicho la ufundi haifai, kwa sababu mikono itakuumbua.

Nywele zimezungukwa na ukingo mweupe kama uzi. Nifanyeje?

Huo ni mwanga wa theluji ulionaswa kati ya nywele. Kwenye nywele za kipilipili au zilizotimka huwezi kukata unywele mmoja mmoja, na ukijaribu zinatoka kama kofia. Kuna njia ambayo theluji yenyewe inakusaidia: nywele ni nyeusi na nyuma yake ni kweupe, na Multiply hufuta kila kilicho cheupe kabisa.

Nakili leya ya kichwa, kwenye nakala fungua Levels, vuta kipini cha kulia kwenda kushoto mpaka theluji iwe nyeupe tupu bila doa, kisha iweke kwenye Multiply juu ya mandhari mapya. Theluji inapotea, vijinywele vinabaki, hata vile vyembamba kabisa. Juu yake unaweka kichwa cha kawaida kilichokatwa ndani kidogo ya ukingo wa nywele. Njia hii inataka mandhari mapya yawe meupe kuliko nywele. Ukuta wa chokaa wa baraza ulifaa sana. Mlango wa mbao nyeusi ungezimeza. Kama mtu alivaa kofia au kilemba cha sufu, mjadala huu wote hauhusu, unatafuta nywele kwenye picha nyingine.

Kichwa kiwe na ukubwa gani?

Koti la baridi linadanganya. Linaongeza mabega, na ukizoea kumwona mtu ndani yake unaweka kichwa kikubwa mno kwenye mwili wa gauni. Mabega ya mtu mzima kwa kawaida hubeba upana wa vichwa karibu vitatu, wanawake wengi pungufu kidogo. Ila ukiwa na picha ya mtu huyo huyo huhitaji kanuni: pima umbali wa jicho hadi jicho kwenye picha ya baraza, hata uso ukiwa umetikisika, kisha ufanye uso mpya ulingane. Uso ukiwa umegeuka, pima kutoka nyusi hadi kidevu badala yake.

Nitajuaje kama imekaa, na si mimi tu nimezoea kuiangalia?

Iache hadi kesho yake. Ukirudi, igeuze yote kushoto kulia, kwa muda tu. Jicho lililozoea linaamka, na kosa la mwanga linajitokeza lenyewe. Iwashe tena Black & White. Kisha ipunguze iwe kama ukucha wa dole gumba: kwa udogo huo huoni ngozi wala vitundu, unaona kichwa na mwili, na kama si vya mtu mmoja utajua mara moja.

Ukikuza hadi asilimia 100, tazama chenga. Picha ya simu ya mchana wa theluji ni safi, ya baraza ya simu ya zamani ina chenga. Uso laini juu ya mwili wenye chenga hausemi uongo mzuri. Niliongeza chenga usoni kwa Add Noise, Gaussian na Monochromatic, kidogo kidogo hadi zikafanana.

Simu inatosha?

Kurekebisha joto la rangi na mwanga wa uso, ndiyo. Mshono wa shingo na nywele za Multiply, hata ukiweza, kidole kitakuchosha. GIMP ni ya bure kwenye kompyuta na ina Curves, maski na Multiply, inatosha kwa sehemu kubwa ya niliyoeleza.

Naweza kuitumia kwa pasipoti au viza?

Usithubutu. Picha za hati haziruhusiwi kubadilishwa hivi. Vaa shati, piga mpya.

Kwenye skrini ilikuwa nzuri, kwenye karatasi mama amekuwa mweusi na mshono umeonekana. Vipi?

Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi. Kinachoonekana kama kivuli laini kwenye skrini iliyowashwa mpaka mwisho hugeuka doa kwenye karatasi, hasa kwenye ngozi nyeusi, ambako tofauti ndogo za giza huungana kuwa moja. Shusha mwanga wa skrini hadi nusu unapofanya kazi, na kabla ya kuchapa kubwa chapa kipande cha uso na shingo peke yake kwenye karatasi ile ile, ukitazame karibu na dirisha, si chini ya taa ya studio.

Yetu ilihitaji vipande vitatu. Cha kwanza shingo ilikuwa shimo, nikapunguza Multiply kutoka 30 hadi 20. Cha pili kilikuwa sawa ila mstari mwembamba ulionekana chini ya sikio la kulia, mahali nilipomaliza burashi ghafla. Cha tatu nilimpa kijana akishike dirishani. Alikiangalia kwa muda, akauliza gauni lile lilikuwa la sikukuu gani.